Rekodi ya Jinai, Rangi na Mlango wa Ajira: Mapitio ya Kihakiki

Makala inayohakikiwa hapa ni "The Mark of a Criminal Record" ya Devah Pager, iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la American Journal of Sociology, juzuu ya 108, ukurasa 937 hadi 975. Nimeipima kwa maswali manne: inauliza nini, imetafutaje jibu, ushahidi wake unabeba madai kwa kiasi gani, na imeacha nini nje.

Inajulikana kwamba waliotoka gerezani hupata kazi kwa shida. Lisilojulikana kwa data za dodoso ni chanzo cha shida hiyo. Huenda ni rekodi yenyewe, lakini huenda pia ni mambo yaliyomtangulia mtu gerezani, kama elimu duni au uraibu. Pager anataka kuyatenganisha hayo mawili, kisha anauliza kama uzito wa rekodi unatofautiana kati ya Mzungu na Mmarekani Mweusi. Ni swali lililobanwa vizuri, na mbinu inalifuata.

Mwaka 2001 huko Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, vijana wanne wa kiume, wanafunzi wa chuo, waliomba kazi za ngazi ya chini kwa waajiri 350. Wawili Wazungu walikwenda kwa waajiri 150. Wawili Weusi walikwenda kwa 200. Kila mwajiri alifikiwa na vijana wawili wa jozi moja, mmoja akijitambulisha kuwa alifungwa kwa kosa la dawa za kulevya, mwenzake akiwa hana rekodi. Kilichohesabiwa ni nani alipigiwa simu.

Uzuri wa mpango huu uko katika jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: ndani ya jozi, vijana walipokezana rekodi. Kama mmoja alikuwa mchangamfu kuliko mwenzake, uchangamfu huo ulikuwa upande wa "aliyefungwa" kwa muda, kisha ukahamia upande wa pili. Kwa hiyo kushuka kwa waliopigiwa simu, kutoka asilimia 34 bila rekodi hadi 17 kwa wenye rekodi kwa Wazungu, na kutoka 14 hadi 5 kwa Weusi, hakuwezi kuelezwa kwa tabia za vijana wenyewe. Hapa makala imesimama imara.

Ulinganisho wa rangi hauna kinga hiyo. Jozi ya Wazungu na ya Weusi hazikukutana kwa mwajiri mmoja, na rangi haipokezwi. Pengo la 34 kwa 14 ni kubwa mno kuwa bahati ya sampuli, lakini watu wawili kila upande ndio wanaobeba kundi zima. Tofauti zao binafsi zimechanganyika na rangi. Si kwamba ubaguzi haupo. Ila kiwango chake hakikupimwa kwa uhakika uleule uliopima rekodi, na makala ingepaswa kuusisitiza utofauti huo zaidi.

Takwimu inayonukuliwa kuliko zote ni kwamba Mzungu mwenye rekodi (17) aliitwa zaidi ya Mweusi asiye nayo (14). Tuipige hesabu. Kwa waajiri 150 na 200, kosa sanifu la tofauti hiyo, yaani kiasi ambacho bahati ya sampuli huweza kuiyumbisha, ni kama pointi 4 za asilimia, ilhali tofauti yenyewe ni pointi 3. Data inaruhusu kusema wawili hao walikaribiana, jambo ambalo tayari ni zito; hairuhusu kusema mmoja alimshinda mwenzake.

Dai kwamba rekodi inamuumiza zaidi Mweusi ni dhaifu vilevile. Uwiano ni 2 kwa 1 kwa Wazungu na karibu 3 kwa 1 kwa Weusi, lakini asilimia 5 ya waajiri 200 ni simu 10 tu. Zikiongezeka nne, uwiano unarudi 2 kwa 1. Pager mwenyewe anakiri kwamba mwingiliano huo wa rangi na rekodi haukufikia umuhimu wa kitakwimu, yaani huenda ni bahati tu. Wanaomnukuu ndio huusahau ukiri huo.

Kuna yaliyobaki nje. Wanawake hawamo, makosa mengine hayamo, na kazi zinazopatikana kwa kujuana hazimo kwa kuwa nafasi zilitoka kwenye matangazo. Vijana walijua wanachopimwa, hivyo bila kukusudia wangeweza kujiweka kinyonge walipobeba rekodi. Kupokezana hakuondoi athari hiyo, kwa sababu inafuata rekodi popote iendapo. Tena, simu si ajira: kinachotokea kwenye usaili hakijaonekana. Wala hatuelezwi mwajiri aliwaza nini, kama aliogopa wizi, kesi au wateja, na bila kujua hilo ni vigumu kuchagua sera. Sheria ya Wisconsin tayari ilikuwa inazuia kumnyima mtu kazi kwa sababu ya hukumu isiyohusiana na kazi hiyo, na bado pengo lilitokea.