Chupa mbili zinazovuja kati ya ishirini: hesabu ya binomia

Kiwanda kimoja cha maji ya chupa kule Changamwe hujaza maelfu ya chupa kila zamu. Mashine ya kufunga vifuniko ikiwa sawa, chupa 5 katika kila 100 huvuja. Mkaguzi huokota 20 popote pale, huzipindua na kuzibana. Zikivuja 2 au pungufu, mzigo unapakiwa kwenye lori. Zikifika 3, unazuiwa. Je, mzigo wa kawaida una uwezekano gani wa kupita?

Kila chupa ina majibu mawili tu: inavuja au haivuji. Uwezekano wa kuvuja ni ule ule, p = 0.05, na chupa moja haiathiri nyingine. Hapo ndipo fomula ya binomia inapoingia; n ni chupa zilizookotwa, X ni idadi ya zinazovuja, na k ni idadi unayoiulizia:

P(X = k) = C(n, k) × p^k × (1 − p)^(n − k)

Kinachowachanganya wengi ni ile C. Tuseme imevuja moja. Ni ipi? Yaweza kuwa ya kwanza, ya saba, ya mwisho, njia 20. Zikivuja mbili, jozi ni 20 × 19 ÷ 2 = 190. C huhesabu njia hizo, basi.

"Zisizozidi 2" maana yake ni 0, 1 au 2, na sifuri husahaulika sana kwenye mitihani. Tukokotoe moja moja:

P(0) = 0.95^20 = 0.3585
P(1) = 20 × 0.05 × 0.95^19 = 0.3774
P(2) = 190 × 0.05^2 × 0.95^18 = 0.1887

Jumla ni 0.9245 ukijumlisha kabla ya kukadiria. Kwa hiyo mizigo mizuri takriban 92 kati ya 100 itapita, na kama 8 itazuiwa bure. Kwenye jedwali la kompyuta unaandika:

```
=BINOM.DIST(2,20,0.05,TRUE)
```

TRUE ndiyo inayojumlisha kuanzia 0 hadi 2; ukiweka FALSE utapata ya 2 peke yake.

Sasa tuseme mashine imelegea, zinavuja 15 katika 100. Badilisha p iwe 0.15: unapata 0.4049. Yaani mzigo mbovu mara tatu bado unapita mara 4 katika 10! Mimi kwa maoni yangu huo si ukaguzi, ni bahati nasibu. Heri kuokota chupa 50 na kupanga upya kikomo kuliko kumlaumu mkaguzi.

Tena, usiokote chupa 20 zilizofuatana. Kichwa kimoja cha mashine kikikwama, zinazovuja hujirudia kila baada ya idadi ile ile ya chupa, chupa hazijitegemei tena, na fomula hii yote haishiki.