Ujumbe kwa Kundi la Familia Kuhusu Mjadala wa Daraja

Shikamooni wazee wangu, nanyi ndugu zangu wa Sengerema, Magu na Ilemela, habari za jioni.

Nimesoma yote yaliyoandikwa humu tangu jana usiku kuhusu Daraja la Kigongo–Busisi, na ninaandika kama msimamizi wa kundi, si kama mtu wa upande wowote. Kwa jinsi nilivyoelewa, Baba Mdogo anaona sifa ya daraja lile ni ya aliyelianzisha, na Kaka anaona ni ya aliyelikamilisha. Yale yasiyo na ubishi kati yenu ni kwamba ujenzi ulianza mwaka 2020 wakati wa Rais Magufuli, na kwamba Rais Samia alilizindua mwezi Juni 2025. Nani astahili sifa kubwa zaidi ni maoni ya mtu, na kila mmoja anaweza kubaki na yake bila kulazimika kumshinda mwenzake humu.

Kilichoniumiza si hoja ya daraja, bali maneno mawili yaliyokuja baadaye, "umenunuliwa" na "huna shukrani", ambayo yametoka kila upande na moja wala jingine halihusu daraja. Sitatafuta nani alitangulia. Ninaomba kwa heshima kila aliyeandika neno la namna hiyo alifute mwenyewe, na Baba Mdogo na Kaka, nawaomba mpigiane simu usiku huu, kwa sababu ninawafahamu nyote wawili na ninajua kuwa mkisikilizana kwa sauti hamtaambiana hivyo. Shangazi, ambaye alitoka kundini alfajiri, nimezungumza naye na amekubali nimrudishe. Tafadhali asiulizwe kwa nini alitoka.

Wanaotaka kuendelea na mjadala wa siasa waendelee kwa ujumbe wa faragha. Hapa tuusitishe hadi Bibi atakapomaliza matibabu, kwani kundi hili tulilifungua kwa ajili yake.

Na hapa ndipo penye jambo la haraka. Katikati ya majibizano, ujumbe wa Mama Mkubwa wa saa tatu usiku ulipita bila mtu hata mmoja kuujibu. Bibi ana kliniki ya macho Bugando siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, hivyo anapaswa kutoka Sengerema Jumatano mchana na kulala mjini. Nauli yake ipo tayari. Anahitajika mtu wa kusafiri naye, kwa kuwa hawezi kupanda na kushuka kwenye gari peke yake, pamoja na nyumba ya kumpokea isiyo ya mlimani. Kwangu Bugarika ngazi za mawe zitamshinda. Atakayeweza mojawapo aandike hapa leo kabla ya saa nne usiku, ili nimpigie Mama Mkubwa na kumjulisha Bibi kabla hajalala.