Maneno ya hospitali kwa Kiarabu cha Saudia, kwa mfanyakazi wa nyumbani aliyefika juzi

Maneno yameandikwa kwa herufi zetu, karibu na yanavyosikika Riyadh na Jeddah. Alama ' ni sauti inayobanwa kooni. Ikikushinda, vuta irabu tu, utaeleweka. Manesi wengi ni Wahindi na Wafilipino waliojifunza Kiarabu kazini kama utakavyojifunza wewe, kwa hiyo usihangaike na sarufi. Maneno mageni kabisa hayana taabu. Yanayoponza ni yale unayodhani unayajua.

Mlangoni

mustashfa: hospitali. mustausaf: kliniki ndogo.

tawari: kitengo cha dharura. Usiseme "dharura", kwao hilo ni jambo la lazima tu, hutaonyeshwa mlango. Gari la wagonjwa ni is'af, namba 997.

igama: kibali cha ukaazi. Si ikama ya wafanyakazi wala ya swala. Namba yake ina tarakimu 10 na huanza na 2. Iwe na picha yake kwenye simu, maana huenda wakaiuliza kabla hata ya jina.

taamin: bima. mau'id: miadi.

dor: zamu, na pia ghorofa. "Dorik" ni zamu yako. "Dor thani" ni ghorofa ya pili.

Kueleza maumivu

Taja kiungo, kisha yuja'ni (kinaniuma): *rasi yuja'ni*, kichwa, *batni*, tumbo, *dhahri*, mgongo, *sadri*, kifua, *dhirsi*, jino. Ile -i ya mwisho ni "yangu". Ukimpeleka mtoto wa nyumbani na kusema "batni", utapimwa wewe. Tumbo la mtoto wa kiume ni *batnu yuja'u*. La wa kike, *batnaha yuja'ha*.

min mata?: tangu lini? Jibu *min ams*, tangu jana, au *min yomein*, tangu siku mbili.

harara: homa, joto la mwili. Vipele vya joto tunavyoviita harara sivyo. Ukisema "harara" huku unaonyesha shingo, utawekewa kipimajoto.

imsak: kukosa choo. Ndiyo, neno lile lile la ratiba ya Ramadhani. Kuhara ni is-hal.

dokha: kizunguzungu. kahha: kikohozi.

hasasiya: mzio. Hili lisemwe kabla ya sindano (ibra), si baada: *'indi hasasiya min bansilin*, nina mzio wa penisilini.

hamil: mjamzito. Ni mzizi mmoja na hamali wa bandarini, ila hapa anayebebwa ni mtoto. Mwanamke huulizwa "inti hamil?" kabla ya eksirei (ashi'a), kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama huna hakika sema *ma adri*, sijui, upimwe kwanza.

Maabara

tahlil: kipimo. *Tahlil dam*, cha damu; *tahlil bol*, cha mkojo. Cha choo kikubwa ni *tahlil baraz*, wala hakuna baraza lolote.

sayma: uje hujala. Kwa kipimo cha damu kwa kawaida ni saa 8 hadi 12 bila chakula. Maji matupu huruhusiwa. Chai ya maziwa inaharibu kipimo, utarudishwa kesho. Kwa upasuaji ('amaliya) usijikadirie: uliza hata maji mwisho wake lini.

Dawa na saa

habba: kidonge kimoja. sharab: dawa ya maji, pima kwa kikombe chake, kwani vijiko vya jikoni havilingani.

gabl al-akil: kabla ya kula. ba'd al-akil: baada ya kula. 'ala r-rig: tumbo tupu, asubuhi kabla ya chochote. marratein fil-yom: mara mbili kwa siku.

kul thaman sa'at: kila baada ya saa 8. Si saa nane ya mchana! Ukianza saa kumi na mbili asubuhi, cha pili ni saa nane mchana, cha tatu saa nne usiku.

as-sa'a sitta: hapa ndipo miadi inapopotea. "Sitta" ni sita yetu kwa sauti, lakini wao huhesabu kuanzia saa sita usiku na saa sita mchana, kwa hiyo "sitta" ni saa kumi na mbili yetu. *Tis'a as-subh* ni saa tatu asubuhi. Toa au ongeza sita kila mara, na uliza *as-subh?* (asubuhi?) au *bil-leil?* (usiku?).

Wakikuandikia, angalia tarakimu. Duara kama sifuri yetu ni 5 yao. Sifuri yao ni nukta. Kinachofanana na 7 yetu ni 6 yao, na 7 yao ni kama herufi V. Kidonge kilichoandikwa duara na nukta mbili ni cha miligramu 500.

ma fahimt, marra thanya: sijaelewa, rudia. Liseme kabla hujaondoka dirishani.