Hotuba ya mwenyekiti kufungua onyesho la kihenge cha bati

Mwangaluka! Ushirika hoyee!

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, ndugu wanachama, habari za asubuhi.

Viti vya mbele naviona vitupu, na kule chini ya mwembe mmejaa. Sitawaita msogee. Mara ya mwisho chama kilipowaita kuja kuonyeshwa kitu kipya, ni mimi niliyesimama hapa hapa mlangoni pa ghala nikamsifu yule mfanyabiashara wa dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Mlinunua kwa sababu mwenyekiti kasema. Mkachanganya kama tulivyoelekezwa, mkafunga magunia, na kufika Desemba ukigusa gunia linamwaga unga miguuni. Dawa ilikuwa feki. Yule mtu alikwenda zake na hela hazijarudi mpaka leo. Mimi nimebaki hapa, tunasalimiana kila siku, na deni hilo nalijua.

Kwa hiyo leo siombi mtu aniamini. Nimekuja kuwaeleza tulichokifanya tangu Julai, niwajulishe mtu aliyekitengeneza kile chombo pale, halafu tukifungue mbele yenu. Na mjue jambo moja: mimi mwenyewe sijui kilichomo ndani. Hakuna anayejua. Hakijafunguliwa.

Tarehe 12 Julai mwaka jana tulichukua magunia sita ya mahindi ya shamba la chama. Shamba moja, mbegu moja, yamepukuchuliwa siku moja. Tulipima kwa mzani huu huu wa tumbaku ambao nyote mnaujua na mnaugombania kila msimu. Kilo 500 tukazitia kwenye kihenge kile cha bati. Kilo 100 tukazitia kwenye kiroba cha kawaida, bila dawa, tukakiweka juu ya chaga palepale pembeni. Mfuniko wa kihenge una kufuli mbili. Sikutaka funguo zikae kwangu wala kwa katibu. Katika mkutano wa Juni kuna watu wawili waliosema hadharani kwamba huu ni utapeli mwingine. Mzee wangu wa kule bondeni, alisema. Na Mama Shija, alisema kwa sauti kubwa zaidi. Basi hao ndio tuliowapa funguo. Mzee, unayo? Nyanyua waione. Mama Shija? Haya. Tangu siku ile hizo funguo zimelala kwenu.

Sasa, kwa nini tunahangaika na mahindi wakati chama hiki ni cha tumbaku? Kwa sababu ya yale tunayoyafanya kila mwaka. Mwezi wa sita na wa saba tunavuna, na tunauza mahindi haraka kwa bei ya kutupa. Ukimuuliza mtu mbona unauza yote, anakwambia, "Bora nile hela kuliko kumlisha dumuzi." Halafu Januari na Februari, mvua inanyesha, jembe liko mkononi, watoto wanataka ugali, tunachukua hela za tumbaku kwenda kununua mahindi mnadani, na mengine ni yaleyale tuliyouza sisi. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi. Mke wangu aliniambia siku moja, "Baba, sisi tunamlimia mwenye lori." Sikuwa na jibu.

Na dumuzi ni mgeni, si mdudu wa asili yetu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba zamani tulikuwa na fukusi tu, na kihenge cha miti chenye majivu kilitosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo akaingia huyu mwingine, mweusi, mdogo, anayetoboa hata nguzo ya kihenge, na alianzia mkoani kwetu hapahapa Tabora kabla ya kusambaa kwingine Afrika Mashariki. Kwao ni Amerika ya Kati. Wengine mnamwita Skania kwa jinsi anavyopakia na kuondoka na shehena. Anapenda mahindi, anapenda makopa, na akikosa vyote anakaa kwenye mti wa kihenge anakusubiri uvune tena. Ndiyo maana hata ukifagia na kupaka udongo upya, mwakani yumo.

Nikasema kwao ni Amerika ya Kati, na hili ndilo lililonifanya nisikilize nilipoelezwa. Wakulima wa huko, Hondurasi, Gwatemala, watu wanaokula mahindi kama sisi, tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakihifadhi kwenye vihenge vya bati vinavyotengenezwa na mafundi wa vijijini mwao. Alikotoka mdudu ndiko ilikotoka na silaha. Hakuna dawa ndani. Dumuzi anavuta hewa kama wewe unavyovuta. Ukimfungia mahali pasipopitisha hewa, ataimaliza iliyomo, na ikiisha naye anaisha.

Sasa mtengenezaji. Mama Neema, simama, mwanangu. Usiangalie chini.

Huyu hamhitaji kuambiwa ni nani. Ni binti wa marehemu fundi bati wetu pale njia panda. Karai unalobebea mchanga, koroboi iliyokuwa ikikuwashia usiku, mlango wa jiko la kukaushia tumbaku, vingi vimetoka mikononi mwa baba yake, na miaka ya mwisho, macho ya mzee yalipopungua, vilikuwa vinatoka mikononi mwake yeye huku baba ameketi pembeni. Wengine mlikuwa mnamsifu mzee kwa kazi ya binti bila kujua. Baba alipofariki akashika karakana. Akaenda mjini akakaa kwa fundi miezi mitatu, mtoto mgongoni, akajifunza kihenge.

Nimesikia yanayosemwa. Kwamba mwanamke atajulia wapi bati. Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Nilikwenda karakana mwezi wa sita bila taarifa. Nikamkuta ameingiza kichwa na mabega ndani ya kihenge, kajifunika kanga juu mwanga usipite mdomoni, nje jua linawaka. Nikamuuliza unafanya nini. Akanivuta, akaniambia, "Ingiza kichwa, mzee, utazame." Nikaingiza. Giza totoro. Nikakaa kidogo, macho yakazoea, nikaona kitu kama nyota moja chini kwenye mshono. Tundu dogo kama ncha ya sindano. Akasema, "Dumuzi hapiti hapo, lakini hewa inapita, na hewa ikipita yeye anaishi." Akaukwangua mshono wote, kuanzia juu hadi chini, akalehemu upya. Kwa tundu moja ambalo hakuna mnunuzi ambaye angeliona maishani mwake.

Bati lenyewe ni geji 26, shiti bapa lisilo na migongo. Si geji 30 ya kuezekea, hiyo ni nyepesi, ukiigonga na jembe imeingia ndani. Njooni mbonyeze kwa dole gumba.

Na kuna jambo amenikataza nisilifiche. Kihenge chake cha kwanza alichouza kiliharibu mahindi. Si dumuzi, ni ukungu. Mwenye nyumba alitia mahindi hayajakauka, na bati halipumui kama miti, unyevu ukabaki ndani, ukapanda ukatoa jasho chini ya mfuniko. Mama Neema alirudisha hela nusu ingawa kosa halikuwa lake peke yake, na tangu siku hiyo hauzi kihenge bila kuja kwako kupima mahindi. Naomba hili mlishike kuliko lolote nitakalosema leo. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, kwa chakula chao wenyewe walichovuna. Mahindi mabichi kwenye kihenge hiki ni hatari kuliko mahindi yaliyotobolewa.

Kipimo chake si cha kitaalamu. Chupa kavu, chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, mahindi kiganja kimoja au viwili. Tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi turubaini, juani. Ikianguka yote chini, unaweza kutia. Atawaonyesha baada yangu, na atawaonyesha pia mshumaa: unauwasha juu ya mahindi ndani ya kikopo, unafunga mfuniko, unazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mshumaa unakula sehemu ya hewa kabla haujazimika, na wadudu wanamalizia iliyobaki. Halafu wiki tatu usiguse. Hata mgeni akija. Weka debe mbili za kula pembeni kwanza. Na kikae ndani ya nyumba au kivulini, juu ya chaga, si juani.

Bei. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hapo. Kihenge cha magunia matano ni laki tatu. Ni hela nyingi, sitasema ni ndogo. Chama hakichukui kamisheni, hata shilingi, na kamati ya usimamizi ina mkataba, mtu yeyote aombe ausome. Nusu unatoa unapoagiza, nusu baada ya mauzo ya tumbaku. Na nalisema hili mbele ya katibu, aliandike: hakuna makato. Hakuna mtu atakayekuta kwenye malipo yake ya tumbaku kimeandikwa kihenge wakati hakusaini. Mshono ukiachia ndani ya misimu miwili, anakuja kulehemu bure. Karakana yake iko njia panda, na mama yake mzazi anakaa nyuma ya kanisa. Haendi popote.

Asiyetaka asinunue. Asiyeweza, kuna wanaofikiria kuchangia wawili au watatu, mlijadili wenyewe.

Sasa tufanye kazi. Vijana, leteni mzani hapa katikati, mwangalie uko sawa kabla hatujaweka kitu. Tunaanza na kiroba. Mimi nimekipita asubuhi, unga uko chini ya chaga, lakini kilo utazisema mzani. Kisha kihenge, debe kwa debe, na kila debe mtu anayetaka achote kiganja, atafune, anuse. Tukikuta dumuzi hai mle ndani, onyesho limeisha, mahindi yatagawiwa wenye kuku, na mimi sitawaita tena kwa kitu cha namna hii. Mama Neema amekubali sharti hilo.

Mzee wangu wa bondeni, Mama Shija, piteni mbele na funguo zenu. Wapisheni njia.