Kaka Hamisi, nilikusikia ukiniita

Shikamoo kaka,

Hii barua nimeiandika kwenye simu mara nne nikaifuta, leo siifuti tena, ikitoka vibaya utaipata hivyo hivyo. Naomba uisome mwenyewe kwanza, usimpe mtoto akusomee, hata kama macho yanakusumbua soma taratibu.

Siku ile ya Idi tulivyokuwa hapo kwako Urambo, yule mjukuu wako mdogo wa kike alikuuliza babu mguu wako uko wapi, ukamwambia ulibaki Uganda, alafu ukamwambia huyu babu yako mdogo unayemuona hapa alinitafuta usiku kucha kwenye maji. Watoto wote wakanigeukia. Nikasema naenda kuswali. Sikwenda kuswali kaka, nilienda nyuma ya bani la tumbaku nikakaa chini nikalia mpaka kanzu ikaloa.

Mimi sikukutafuta. Na wewe unajua kwamba sikukutafuta.

Watu wakitaja Lukaya kule Uganda wanasema brigedi ilikimbia, na ni kweli tulikimbia, brigedi ya 201 wengi wetu tulikuwa mgambo, miezi michache nyuma tulikuwa shambani tunapalilia, tukamsikia Mwalimu redioni anasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, tukapanda treni mpaka Mwanza na meli mpaka Bukoba, kutoka hapo ni miguu tu. Masaka tuliikuta imeshavunjwa na mizinga. Tukaambiwa twende mbele, barabara imepita katikati ya kinamasi, mafunjo kushoto mafunjo kulia, na hatukujua kama Walibya waliokuja kumsaidia Amin wako mbele yetu na vifaru. Jumamosi ile tarehe 10 Machi 1979 walivyofyatua yale makombora ya Katyusha mbingu yote ikawaka, mengi yalitupita juu ya vichwa, lakini ule mlio kaka, hata leo radi ikipiga mke wangu anajua anikamate mkono. Kukimbia pale siombi msamaha, walikimbia hadi watu wazima waliotuzidi kila kitu.

Naomba msamaha kwa zile dakika mbili tatu zilizofuata.

Ulikuwa nyuma yangu. Ulikuwa nyuma kwa sababu mimi kiatu changu kilikuwa kinavuka na wewe uliniambia tangulia. Nilisikia risasi, nikasikia umeanguka kwenye maji, alafu ukaniita. Hukupiga kelele. Uliita Raja, kwa sauti ile ile ya kuniamsha alfajiri twende kuvuna, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya pili niligeuka. Nilikuona kaka, giza lilikuwa bado halijashika vizuri, ulikuwa umeshika paja kwa mkono mmoja na mwingine umeunyoosha kwangu, hatufiki hata hatua kumi na tano. Na wewe uliniona nimekuona. Alafu nikageuka nikaenda.

Ya tatu niliisikia nikiwa mbali. Hiyo ndiyo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Asubuhi yake tulipangwa upya tukarudishwa mbele, wenzetu wa 208 wakazunguka wakawapiga Walibya ubavuni. Nikapita pale pale. Kaka nilitembea nimeangalia lami tu, sikugeuza shingo upande wa mafunjo kwa sababu niliogopa kukuona, na kumbe ulikuwepo, uko hai, mguu umekaa kwenye maji machafu usiku mzima na damu inatoka, wakakutoa watu wa 208 ambao hata jina lako hawalijui. Daktari alikwambia kidonda kingewahiwa usiku ule labda mguu ungepona. Ulinisimulia hilo mwenyewe mwaka fulani tukiwa tunakunywa chai, bila kunitazama, nikajifanya nakoroga sukari.

Na kuna kingine. Kampala ilivyoanguka Aprili watu wanaimba barabarani, akaja jamaa mmoja akaniambia kaka yako yuko hai yuko hospitali. Ningependa niandike kwamba nilifurahi. Furaha ilikuja, ila ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa hofu kwamba utasema.

Ndio maana nikawahi kusema mimi. Nilivyorudi nyumbani mama alichinja mbuzi, wewe bado uko wodini, nikakaa pale nakula nyama nikawaambia majirani tulipotezana gizani, nikamtafuta usiku kucha, nikaita mpaka sauti ikakauka. Mama alilia akanishika kichwa. Yule mama aliyekukabidhi mimi pale stesheni ya Tabora, akakwambia Hamisi mdogo wako huyu, na wewe ukamwambia mama usiwe na wasiwasi. Ulikuwa na miaka ishirini na tatu tu. Njia yote kutoka Mutukula ulikuwa unanipa maji yako, mimi nikimaliza yangu mapema.

Siku umeletwa nyumbani na magongo mama akakusimulia hayo hayo mbele yangu, jinsi Rajabu alivyohangaika kukutafuta. Nikasema leo naumbuka. Ukanitazama kidogo, ukamwambia ndiyo mama, Rajabu alijitahidi sana.

Kaka, kwanini? Nimejiuliza hilo swali zaidi ya miaka arobaini. Sikutaka kukuuliza kwa sababu kuuliza ni kukiri. Mama amekufa anaamini. Mimi nikaheshimika hapa mtaani kama mtu aliyemtafuta ndugu yake vitani, wewe ukawa unalima tumbaku kwa mguu mmoja, ukalea watoto, na kila mtu akisifu unanyamaza. Ulinibeba kaka. Mimi nilishindwa kukubeba hatua kumi na tano na wewe umenibeba mpaka nimezeeka.

Nisamehe kwa kugeuka na kwenda. Nisamehe kwa asubuhi ile niliyopita bila kuangalia, kwa uongo niliomwambia mama, na kwa kukuacha uulinde uongo huo peke yako. Sisemi nilikuwa mdogo, miaka ishirini mtu anajua ndugu yake akimuita. Sisemi pia vita ni vita, hilo nimelisema sana moyoni na halijanisaidia hata siku moja.

Sitaki unijibu kwamba yameisha. Ukiwa na hasira nitukane, nipigie simu unitukane, nimestahili na nitasikiliza mpaka mwisho.

Ninachoomba ni kimoja. Nataka nije Jumamosi na basi la asubuhi, watoto na wajukuu wakiwepo, nikae chini pale uani niwaambie mwenyewe ilivyokuwa. Wewe usiseme kitu, na safari hii usinifunike. Yule mtoto aliyeuliza mguu uko wapi ana haki ya kujibiwa sawasawa, na mimi ndiye ninayedaiwa hilo jibu. Kama unaona ni mapema au utaona aibu kwa niaba yangu niambie, sitakuja kwa nguvu, ila nitakuomba tena mwezi ujao na ule mwingine.

Nitakuja na dawa ya goti uliyoagiza, nimeshainunua. Na ukiniruhusu, usiku nitalala chumba kile cha nje karibu na chako. Ukihitaji kitu ita tu.

Mdogo wako,
Rajabu