Ngazi Nyuma ya Makava

"Nipeleke kwa fundi saa," mzee alimwambia kijana wa bodaboda.

"Fundi saa yupi, babu?"

"Wa mkabala na sinema."

Kijana akawatazama wenzake, wakatazamana. Sinema? Mzee akaona ataonekana kichekesho, akashika mkoba wake na kushika njia kwa miguu. Mtu hapotei kwao, alijisemea. Hakufika kona ya tatu.

Miaka 40 si mchezo. Njia ya vumbi ilikuwa lami, na miembe aliyokuwa akiitumia kukata kona haikuwepo hata mmoja. Sinema aliitambua kwa bahati tu: sasa ni ukumbi wa sherehe, umepakwa rangi ya zambarau, lakini chini ya rangi herufi zilizobanduliwa bado zilionekana kama makovu. Fundi saa hakuwa na hata kovu. Palikuwa na benki.

Kwenye studio ya picha alikuta duka la simu.

"Karibu babu. Simu yako aina gani?"

"Sinunui, mjukuu wangu. Hapa palikuwa na ukuta umechorwa ngazi. Tulikuwa tunapigwa picha tumesimama kama tunapanda ghorofa."

Kijana alifikiri kidogo, kisha akasogeza pembeni makava yaliyoning'inizwa ukutani. Nyuma yake, ngazi. Zilibaki mbili tu, na nguzo nusu. Mzee aliinua mguu bila kujijua, akaushusha haraka kabla hajaonekana.

Alipotoka, sauti ikamdaka barazani.

"Wewe unayeburuta mguu, si mtoto wa mwalimu?"

Aliyesema alikuwa ameketi na fimbo magotini, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Mzee alimtazama usoni, hakuona kitu anachokijua. Akacheka yule mtu, na pengo la meno likasema lote.

"Bado u hai wewe?"

"Ulitaka nife nani akupokee? Simama, nikupeleke kwenu. Peke yako utaishia kituo cha polisi."

Wakaondoka, kipofu mbele. Alijua kila kitu: hapa wamejenga duka la dawa, sikia jokofu, hapa mtaro, ruka, pale mwenye nyumba kafa, wanawe wamepauza. Majina ya waliokufa aliyataja upesi upesi, kama mtu anayesoma orodha ya darasa, na mzee hakumkatisha. Walipopita shuleni kipofu alisimama.

"Kile kioo cha ofisi ulikivunja wewe, nikachapwa mimi."

"Nilivunja mimi? Jiwe lilitoka mkononi mwako!"

"Mkononi mwangu! Mtu kakaa miaka 40 huko, karudi na uongo uleule."

"Lilikuwa jiwe lako."

"Twende kwa dada yangu. Yeye alikuwepo, na bado anaona."