Barua ya mhazini: naomba mridhie tununue Hiace

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wote wa usharika,

Naandika kuhusu usafiri. Mwaka jana tumelipa 6,480,000 kukodi magari ya kwaya, misiba na semina za vijana, na hela yote hiyo imeenda tu, hatuna hata tairi moja mkononi. Na bado wazee wetu wa Mkundi jumapili wanapanda bodaboda wamekumbatia fimbo, mvua ikinyesha hawaji kabisa, mimi hiyo inaniuma sana.

Tumepata Toyota Hiace ya dizeli, imetumika, mwenyewe anataka 26,500,000. Fundi wetu kaikagua, injini na gia boksi ziko poa, ila matairi yamekwisha na siti mbili za nyuma zimechanika. Matairi, siti na sevisi 1,370,000, bima kubwa 930,000, kubadili umiliki 400,000. Jumla 29,200,000.

Benki tuna 18,000,000 ya mavuno. Inabaki 11,200,000, yaani kaya zetu 140 kila moja 80,000, mtalipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu kupitia jumuiya. Wajane na wasio na uwezo tusiwabane jamani, nimeshaongea na wazee wa kanisa tutawafidia kwa harambee.

Mafuta na dereva tutatoa kwenye ile hela ya kukodi.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili tubaki tupige kura. Risiti na ripoti ya fundi nitakuja nazo, ulizeni chochote.

Wenu katika Kristo,
Mhazini